Betri ya Sola Inasoma Volti 12.7 Lakini Inveta Inazima: Mwongozo Kamili wa Kupima Ukinzani wa Ndani

Malalamiko ni yale yale. Betri ya sola imepimwa asubuhi, multimita ikaonyesha volti 12.7, kila mtu akasema betri nzima. Usiku friji inapoamka, inveta inapiga kelele na kuzima. Mwenye nyumba ananunua paneli nyingine, tatizo liko pale pale. Anabadilisha inveta, bado. Mwisho anaambiwa nyumba yake ina "umeme mdogo", maneno yasiyo na maana yoyote.

Kosa liko kwenye kipimo. Volti ya betri iliyolala inaeleza kwa kiasi kikubwa chaji iliyomo, haielezi kama betri inaweza kuitoa kwa kasi. Ni kama tangi lililojaa maji juu ya dari huku bomba lake limejaa magadi: ukichungulia juu unaona maji tele, ukifungua bomba unapata mchirizi. Magadi hayo, kwenye betri, ndiyo ukinzani wa ndani. Huongezeka kadiri betri inavyozeeka, na multimita ya kawaida haiwezi kuuona mpaka betri ipewe mzigo.

Mwongozo huu ni wa betri za risasi na asidi za volti 12, zile za kuongezwa maji na zile zilizofungwa, kwa sababu ndizo zinazosumbua wengi. Betri za lithiamu zina kanuni ile ile, ila viwango vya namba nitakavyotoa havizihusu, na ndani yake kuna saketi ya ulinzi inayoweza kukata umeme kwa sababu zake yenyewe.

## Vifaa vya kuandaa

- Multimita ya kawaida yenye uwezo wa kuonyesha volti kwa desimali mbili, yaani 12.58 na si 12.5 tu.
- Balbu nne za taa kubwa ya gari aina ya H4, zinazofanana, na zote zitumie upande mmoja tu wa wati 55.
- Waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, vibano viwili vya betri, na fyuzi ya ampea 30 pamoja na kishikio chake.
- Swichi ya gari ya ampea 30.
- Spana, brashi ya waya au msasa, maji na magadi soda kidogo.
- Miwani ya kukinga macho na glavu za mpira.
- Karatasi na kalamu.

Ukiwa na mita ya kubana waya inayopima mkondo, kazi inakuwa rahisi zaidi. Lakini angalia vizuri: nyingi za bei ya chini hupima mkondo wa umeme wa gridi peke yake. Kama kwenye alama za ampea hakuna mstari mnyoofu wenye vidoti chini yake, au maandishi DC, haitakusaidia kwenye betri.

Kwa nini balbu za gari na si taa moja ndogo ya sebuleni? Betri nzuri ya 100 Ah ina ukinzani mdogo sana, miliomu chache, yaani sehemu chache za elfu moja za omu. Ukivuta ampea 1 tu, volti itashuka kwa kiasi ambacho multimita yako haiwezi hata kukiona. Tunahitaji mkondo wa kutosha ili tofauti ionekane wazi.

## Hatua ya 1: Jaza betri kabisa, kisha iache ilale

Betri iliyoishiwa chaji ina ukinzani mkubwa hata kama ni mpya. Asidi yake imekuwa nyepesi na mabamba yamefunikwa na salfeti ya risasi, hali ambayo ni ya kawaida na huondoka betri ikijazwa. Ukipima betri yenye njaa utaihukumu kwa kosa lisilo lake.

Chagua siku ya jua zuri. Iache ichaji mpaka kontrola ionyeshe imejaa. Jioni, ondoa waya za paneli kwenye kontrola kwanza, kisha tenganisha betri na kila kitu. Mpangilio huo una sababu: kontrola nyingi hazipendi kuachwa na paneli bila betri. Iache ilale mpaka asubuhi.

Kulala huko kunaondoa volti ya juujuu inayobaki kwenye mabamba baada ya kuchaji. Ukipima dakika tano baada ya kuacha kuchaji utasoma 13.1 na kufurahi bure.

Mafanikio yanaonekanaje: asubuhi betri inasoma kati ya volti 12.6 na 12.9. Ikisoma karibu na 12.2, haikujaa, usiendelee. Ikisoma karibu na 10.5 baada ya kuchajiwa siku nzima, seli moja kati ya sita imekufa. Hapo huna haja ya hatua zinazofuata.

## Hatua ya 2: Safisha vichwa vya betri

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, na kuiruka huko ndiko kunakofanya betri nyingi zisizo na hatia zitupwe. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa una ukinzani wake, na mara nyingine unazidi ukinzani wa betri yenyewe.

Vaa glavu na miwani. Vua pete, saa na bangili. Kipande cha chuma kikigusa vichwa vyote viwili hupitisha mamia ya ampea, na pete huweza kuwa nyekundu kidoleni kabla hujaivuta. Mwagia vichwa maji yenye magadi soda kidogo, mapovu yakiisha futa, kisha sugua kwa brashi mpaka risasi ing'ae. Kama betri ina vifuniko vya maji, hakikisha vimefungwa ili magadi yasiingie ndani. Magadi yakiingia yanaharibu asidi.

## Hatua ya 3: Tengeneza mzigo wa kupimia

Unganisha balbu nne kwa sambamba, yaani kila moja inapata volti 12 zake. Balbu ya kwanza iende moja kwa moja kwenye waya mkuu. Zile tatu zilizobaki zipitie kwenye swichi. Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, karibu na kibano cha betri.

Kwa mpangilio huu utakuwa na mizigo miwili: mdogo wa balbu moja, karibu ampea 4.6, na mkubwa wa balbu nne, karibu ampea 18. Ziweke juu ya tofali au bati. Balbu hizi zinakuwa za moto sana ndani ya sekunde chache, na kioo chake kikishikwa kwa vidole vyenye mafuta hupasuka mapema.

Betri iliyotoka kuchaji inaweza kuwa imetoa haidrojeni. Fanya kazi mahali penye hewa, na kibano cha mwisho usikiunge huku umeinamisha uso juu ya betri, kwa sababu cheche hutokea pale pale mwanzoni.

## Hatua ya 4: Pima mkondo wa balbu moja

Kama una mita ya kubana, iweke kwenye waya mkuu na uruke aya mbili zinazofuata.

Kama huna, tumia soketi ya multimita iliyoandikwa 10A. Waya mweusi ubaki COM, mwekundu uende 10A, kisha pitisha mkondo wa balbu moja ndani ya mita. Soma haraka, ndani ya sekunde kumi, kisha ondoa. Usijaribu kupitisha balbu nne hapo. Ampea 18 zitaunguza fyuzi ya mita, na mita zisizo na fyuzi upande huo zitaungua zenyewe.

Mara tu ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye soketi ya V. Ukisahau, ukagusisha ncha kwenye vichwa vya betri, umetengeneza shoti kamili kupitia mita. Multimita nyingi zimeishia hapo.

Mkondo wa balbu nne utaukadiria kwa kuzidisha mara nne. Volti ikishuka wakati wa mzigo mkubwa, balbu huvuta pungufu kidogo, lakini kosa hilo ni dogo na halibadilishi hukumu.

## Hatua ya 5: Soma volti mbili

Gusisha ncha za multimita kwenye risasi ya vichwa vya betri vyenyewe. Si kwenye kibano, wala kwenye bolti au waya. Ukigusa kibano unapima betri pamoja na mgusano wake, na mgusano si betri.

Unganisha mzigo, balbu moja iwake. Hesabu sekunde ishirini, andika volti. Hiyo ni V1, na mkondo wake ni I1.

Sasa washa swichi, balbu zote nne ziwake. Sekunde ya tano, andika volti. Hiyo ni V2, mkondo wake I2. Zima.

Kwa nini tusilinganishe tu betri iliyolala na betri yenye mzigo? Kwa sababu betri ikitoka usingizini hushuka kidogo hata kwa mkondo mdogo, kutokana na kemia inayoanza kufanya kazi kwenye uso wa mabamba. Mshuko huo wa mwanzo haukui sawasawa na mkondo, kwa hiyo ukiuhesabu utapata ukinzani mkubwa kuliko uliopo. Balbu ya kwanza kazi yake ni kuiamsha betri.

Na kwa nini sekunde tano? Ukinzani hushusha volti papo hapo. Ukisubiri dakika mbili utakuwa umechanganya na chaji inayopungua, ambalo ni jambo jingine.

Rudia baada ya dakika tano. Majibu mawili yakikaribiana, una kipimo. Yakitofautiana sana, tafuta kibano kilicholegea.

## Hatua ya 6: Piga hesabu

```
r = (V1 - V2) / (I2 - I1)
```

Jibu linatoka kwa omu. Zidisha mara 1000 upate miliomu.

Huu hapa mfano wa betri iliyofungwa ya aina ya AGM ya 100 Ah yenye miaka minne, iliyolala ikisoma volti 12.71. Kwa balbu moja ilisoma 12.50 kwa ampea 4.6. Kwa balbu nne ilisoma 12.10 kwa ampea 18.1. Tofauti ya volti ni 0.40, tofauti ya mkondo ni ampea 13.5. Ukigawanya unapata omu 0.030, yaani miliomu 30.

Karatasi za watengenezaji wa betri nyingi za aina hii na ukubwa huu huandika miliomu 4 hadi 6 ikiwa mpya na imejaa. Mara nyingi kipimo chao hufanywa kwa kifaa maalumu cha mkondo unaogeukageuka, kwa hiyo njia yetu ya balbu itatoa namba kubwa kidogo hata kwa betri nzima. Hilo lisikutishe.

Kwa betri ya 100 Ah, kwa njia hii ya balbu, mimi hutumia mipaka hii: chini ya miliomu 10 betri ina afya, kati ya 10 na 20 imeanza kuzeeka na ifuatiliwe, ikipita 25 haifai tena kuendesha inveta yenye friji au pampu. Betri ya 200 Ah igawe mipaka hiyo kwa mbili. Ya 50 Ah izidishe mara mbili. Betri kubwa ina mabamba mengi au mapana zaidi, kwa hiyo mkondo una njia nyingi za kupita.

Mipaka hii ni ya kukisia. Kipimo cha kuaminika kuliko vyote ni kile ulichochukua siku betri iliponunuliwa, kwa balbu zile zile, ukakiandika ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Ikifika mara mbili ya namba hiyo, anza kutafuta fedha za betri nyingine.

## Sasa tuone jinsi inavyozima inveta

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Tuchukue betri yetu ya miliomu 30. Nyumba ina runinga ya wati 50 na friji ndogo ya wati 100. Vikiwa vinafanya kazi kwa utulivu, jumla ni wati 150. Inveta yenye ufanisi wa asilimia 85 itaomba wati 176 kwenye betri, karibu ampea 15. Zidisha kwa omu 0.030: volti zinashuka kwa 0.45 tu. Hakuna atakayegundua chochote.

Tatizo ni pale kompresa ya friji inapoanza kuzunguka. Kwa muda mfupi mota huvuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida. Tuseme wati 600. Pamoja na runinga ni 650, na betri inaombwa wati 765.

Kwa volti 12, hizo ni ampea 64. Mshuko ni 64 × 0.030, sawa na volti 1.9. Tukianzia kwenye 12.64, ambayo ni volti ya betri iliyokwisha kuamka, yaani 12.50 ya balbu moja pamoja na 0.14 zilizoshushwa na ampea 4.6 zake, tunafika 10.7.

Lakini haiishii hapo, na hii ndiyo sehemu isiyoelezwa na wauzaji. Inveta haiombi ampea, inaomba wati. Volti zikishuka hadi 10.7, ili ipate wati zile zile 765 lazima ivute ampea 71. Ampea 71 zinashusha volti 2.1, tunabaki na 10.5. Inavuta 73. Volti zinatulia karibu na 10.4.

Inveta nyingi za volti 12 hukata karibu na volti 10.5 ili kuilinda betri. Kwa hiyo imezima, ingawa betri imejaa. Mzigo ukiondoka, volti zinaruka kurudi juu ya 12.5 ndani ya sekunde chache, na fundi anayekuja kupima dakika kumi baadaye anasema betri haina tatizo. Kurudi huko kwa haraka ndiko alama kubwa ya ukinzani wa ndani. Betri iliyoishiwa chaji hushuka taratibu na hairudi juu hivyo.

Usiku mambo ni mabaya zaidi. Betri ikibaki na nusu ya chaji, volti ya kuanzia inakuwa karibu na 12.1, na hesabu ile ile inaishia chini kidogo ya 9.8.

Betri mpya ya miliomu 6, kwa kazi hiyo hiyo, ingevuta ampea 62 na kubaki kwenye volti 12.27. Hata ikiwa na nusu ya chaji ingebaki 11.7. Paneli, inveta na friji ni vile vile, kilichobadilika ni miliomu 24 tu.

Angalia pia joto. Nguvu inayopotea ndani ya betri ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Betri chakavu, kwa ampea 73, inachoma wati 160 ndani ya tumbo lake. Mpya inapoteza 23. Ukigusa betri iliyozeeka baada ya kazi nzito utahisi uvuguvugu huo mkononi, na joto hilo linaharakisha uzee zaidi.

## Hatua ya 7: Hakikisha kosa si la waya

Kabla hujatoa fedha, pima waya. Rudisha mfumo wote na uwashe mzigo mzito wa kudumu kupitia inveta. Weka ncha moja ya multimita kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye kichwa chanya cha inveta. Namba unayoisoma ni volti zinazopotea kwenye waya huo peke yake. Fanya hivyo hivyo upande wa hasi, ujumlishe.

Ukipata zaidi ya volti 0.3 kwa mizigo ya kawaida ya nyumba, waya ni mwembamba, mrefu mno, au mgusano umelegea. Waya wa milimita 6 za mraba wenye urefu wa mita 2 kwenda na mita 2 kurudi una karibu miliomu 12. Huo ni mara mbili ya ukinzani wa betri mpya! Ukiweka wa milimita 25 za mraba kwa urefu huo huo, unabaki na chini ya miliomu 3. Inveta huona ukinzani wote kwa pamoja, haijui upi ni wa betri na upi ni wa waya.

Nimeona betri zikitupwa kwa sababu ya waya wa aina hiyo. Waya ni bei ya chini kuliko betri, anza nao.

## Kwa nini ukinzani hupanda

Ndani ya betri ya risasi mkondo unasafiri kupitia fremu ya risasi, ukaingia kwenye unga uliobandikwa juu yake, kisha ukavuka asidi kwenda bamba la pili. Uzee unashambulia njia hiyo kila mahali, lakini mambo matatu yana uzito zaidi.

La kwanza ni kutu ya fremu ya bamba chanya. Fremu huliwa polepole na kugeuka oksaidi, inakuwa nyembamba, na unga unaanza kuachana nayo. Hii inaendelea hata betri ikitunzwa vizuri, na hakuna dawa. Joto huiharakisha sana: kwa makadirio yanayotumika na mafundi, kila nyuzi 10 za ziada hukata maisha ya betri karibu nusu. Betri iliyowekwa chini ya bati huko Mombasa au Dodoma haiwezi kuishi sawa na iliyo kwenye chumba chenye kivuli.

La pili ni salfeti sugu. Betri ikitumika, salfeti ya risasi huota kwenye mabamba, na ikichajiwa inayeyuka. Ikiachwa bila kujazwa kwa wiki nyingi, kama inavyotokea msimu wa mvua, fuwele zake hukua na kuwa ngumu. Fuwele hizo hazipitishi umeme. Huziba vijitundu ambavyo asidi ilipaswa kupita, na eneo la bamba linalofanya kazi linapungua. Betri ya kuongezwa maji inaweza kuokolewa kwa kiasi fulani ikiwahiwa mapema, kwa chaji ya kusawazisha ya volti za juu inayosimamiwa na mtu anayeijua. Iliyofungwa usiijaribu hivyo, itapoteza maji isiyoweza kurudishiwa.

La tatu ni kukauka. Betri za AGM na jeli zina maji ya kiasi maalumu. Kontrola iliyowekwa kwenye mpangilio wa betri ya maji huzichaji kwa volti kubwa kuliko zinavyohitaji, gesi inatoka kwenye vali, na kitambaa kilichoshika asidi kinakauka. Kagua mpangilio huo leo hii kama hujawahi kuukagua.

Baridi nayo hupandisha ukinzani, lakini kwa muda tu. Aliyeko Njombe au Limuru akipima alfajiri ya Julai atapata namba kubwa kuliko akipima mchana. Linganisha vipimo vya joto linalofanana.

## Ukishajua namba yako

Usiongeze asidi. Kuna mafundi wa barabarani wanaomwaga asidi ya zamani na kujaza mpya yenye nguvu. Volti ya betri iliyolala hufuata uzito wa asidi: asidi ya uzito wa 1.265 inatoa volti 12.6 hivi, na ikikolezwa zaidi volti zinapanda hata kama mabamba yamekwisha. Betri inasoma 12.9, inauzwa kama nzima, na friji inaiangusha siku hiyo hiyo. Ukinunua betri iliyotumika, nenda na balbu zako. Maji yakipungua kwenye betri iliyo hai, kinachoongezwa ni maji yaliyochujwa kwa mvuke peke yake.

Usishushe kikomo cha inveta. Baadhi zinaruhusu kukata kwenye volti 10 au chini zaidi. Friji itaamka kwa muda kidogo tu wa ziada, na betri itakufa haraka zaidi.

Usiifunge sambamba na betri mpya. Ya miliomu 6 na ya miliomu 30 zikivuta pamoja, mpya itabeba karibu tano ya sita ya mkondo kila friji inapoamka. Kwa upande wa kuchaji, ile kongwe inaweza kuendelea kunyonya na kupata joto baada ya mwenzake kujaa. Na kama mfumo wako ni wa volti 24, wenye betri mbili kwa mfuatano, ipime kila moja peke yake wakati balbu zinawaka. Mkondo ni ule ule kwa zote mbili, kwa hiyo inayoshuka zaidi ndiyo mgonjwa, huna hata haja ya kujua ampea. Ila kwa volti 24 balbu ziunganishe mbili mbili kwa mfuatano, la sivyo zitaungua.

Betri ya miliomu 30 bado ina kazi. Taa tatu za wati 7 na chaja ya simu huvuta ampea 3 hivi, mshuko wake ni volti 0.09, na hakuna kitakachozima. Ihamishie kwenye banda la kuku au chumba cha mlinzi, na kontrola yake ndogo. Isipokaa na chaji hata ya taa hizo mpaka usiku wa manane, mpelekee mnunuzi wa betri chakavu anayezipeleka kiwandani, ikiwa nzima na asidi yake ndani. Usikubali mtu aipasue nyumbani kwako ili atoe risasi, kwa sababu vumbi lake hubaki kwenye udongo ambao watoto wanauchezea.